Soli Nzima, Kiatu Kilichokufa

Mlinzi wa lango la jengo ninamofundisha huingia zamu saa kumi na mbili asubuhi na kutoka saa kumi na mbili jioni. Kampuni iliyomwajiri ilimpa jozi moja ya buti, na mkataba wake hautaji lini atapewa nyingine. Mwaka jana alinieleza kwamba kila alfajiri, akishuka kitandani, hatua za kwanza humchoma kisigino kana kwamba amekanyaga msumari. Akitembea kidogo maumivu hupungua, kisha hurudi jioni. Madaktari wanaijua vyema dalili hiyo. Mara nyingi hutokana na kuchoka kwa ukano mpana unaotoka mfupa wa kisigino hadi vidoleni, ambao husaidia kuushikilia upinde wa unyayo.

"Lakini buti bado nzima, Mwalimu," aliniambia, akinionyesha soli ambayo mikato yake haijafutika.

Hapo ndipo wengi wetu hudanganyika. Soli ya chini ni mpira, nayo huliwa na mwendo. Mtu anayesimama zaidi kuliko anavyotembea haimalizi upesi. Juu yake, katika viatu vingi vya kazi, kuna soli ya kati ya povu lenye vitundu vya hewa, na hiyo ndiyo inayopokea uzito. Ikigandamizwa kutwa kwa miezi, vitundu hubonyea na havifumuki tena. Kwa hiyo kiatu hufa ndani huku nje kikionekana hai.

Tuliziweka buti zake juu ya meza na kuzitazama kwa nyuma, macho yakiwa usawa wa meza. Ya kulia iliinamia ndani, kama nyumba ambayo msingi wake umetitia upande mmoja. Ubavuni mwa soli ya kati kulikuwa na mikunjo ya mlalo ambayo haikufutika hata kiatu kilipokuwa hakina mtu. Tulipoikunja buti, ilijikunja katikati, chini ya upinde, ilhali kiatu kizima hujikunja karibu na vidole. Ukuta wa nyuma unaoshika kisigino nao ulibonyea kwa kidole gumba bila ukaidi wowote. Dalili moja kati ya hizo ingetosha kumtia mtu shaka. Zote kwa pamoja zilikuwa hukumu.

Mzee huyo alikuwa amejaribu dawa ya sokoni: soli laini ya ndani, aliyoichomeka juu ya ile iliyokuja na buti. Matokeo yake yalikuwa mawili. Kisigino kilipanda juu na kuanza kuchomoka, na vidole vikabanwa. Zaidi ya hayo, soli ya ndani iliyowekwa ndani ya kiatu kilichopinda hupinda pamoja nacho. Haiwezi kukifufua.

Alipopata buti nyingine, tulitoa kwanza soli ya ndani ya kiwandani, kisha tukaweka mpya mahali pake. Hatukuchagua iliyo laini kuliko zote, kwa maana ulaini unaopendeza dukani hulala baada ya wiki chache. Tulichagua iliyo imara chini ya upinde na yenye kikombe kidogo cha kukaza kisigino, na tukahakikisha kwamba kilele cha upinde wake kinakutana na upinde wa mguu wake, wala si mbele wala nyuma. Alizijaribu buti jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo, na akaacha nafasi ya upana wa kidole gumba mbele ya vidole. Siku ya kwanza alizivaa saa mbili tu, kisha akaongeza kidogo kidogo. Baada ya wiki kadhaa asubuhi zake zilikuwa nafuu, ingawa hazikuwa shwari kabisa.

Hiyo "ingawa" ina uzito. Soli ya ndani hugawa mzigo, haiuondoi. Mwenye kisukari, au anayehisi ganzi mguuni, asijitibu kwa soli za dukani bali amwone daktari, kwa kuwa anaweza kupata kidonda asikihisi. Na kwa aliye mzima, tiba iliyo karibu zaidi ni kuketi. Mkataba Namba 120 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1964, unaohusu usafi katika biashara na ofisi, unataka wafanyakazi wapewe viti vya kutosha na vinavyofaa, pamoja na nafasi ya kuridhisha ya kuvitumia. Hata hivyo, katika malango na maduka yetu mengi, mlinzi au mwuzaji aliyeketi huhesabiwa mvivu.

Ninyi mnaoandika zabuni za ulinzi na usafi katika ofisi za umma mna kalamu mkononi. Andikeni kwamba buti zitakaguliwa kila baada ya miezi mitatu, juu ya meza na kwa nyuma, na zilizoinama zibadilishwe kwa gharama ya mwajiri. Kisha ongezeni mstari mmoja: kiti.