Pole Mbili

Kiswahili kina pole ya kuuguza na pole ya msiba. Mgonjwa akiwa hai, ukikutana na anayemtunza unamwambia, "Pole na kuuguza." Mgonjwa akifariki, pole ile ya kwanza nayo inazikwa. Inabaki "pole kwa msiba," na aliyeuguza anapewa pole ileile wanayopewa ndugu walioshuka kwenye basi jana.

Hilo ndilo lilikuwa kichwani mwangu nilipokaa kumwandikia rafiki yangu wa Muheza. Mama yake alipata kiharusi, akalala kitandani miaka tisa, na binti ndiye aliyekuwa mikono yake.

Msibani watu walimwambia, "Sasa na wewe utapumzika." Walisema kwa nia njema, lakini maneno hayo yanamgeuza marehemu kuwa mzigo uliotuliwa. Halafu kupumzika kwenyewe hakuji. Mgonjwa wa kulala hugeuzwa ubavu kila baada ya saa mbili hivi, usiku pia, la sivyo nyama ya kiunoni na visiginoni inakosa damu na kufanya kidonda. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri, kwa hiyo unapapasa kwa kiganja. Ukikuta pana joto au pamekuwa pagumu, unajua pameanza. Mwili uliozoea hivyo miaka tisa hauna habari na mazishi. Saa nane za usiku unaamka tu.

Basi barua yangu nikaiandika kwa kazi ile. "Dada, pole kwa msiba, na bado pole kwa kuuguza. Mama kalala miaka yote ile, na mgongo wake ulikuwa mzima. Uji hukuwahi kumnywesha akiwa chali. Ulimketisha, ukakaa naye nusu saa asije akapaliwa. Nilikuwa nakuona. Ukiamka usiku ukajikuta umesimama mlangoni kwake, ni mikono inamtafuta. Na siku utakapolala mpaka asubuhi, ukasikia nafuu, usijione mbaya. Mtu anaweza kupata nafuu na bado akamlilia mama yake."

Sikuituma wiki ya msiba. Wakati ule nyumba imejaa, simu haitulii, na kila ujumbe unajibiwa "asante, tumeshapoa." Niliituma baada ya arobaini, watu wameshaondoka na mikeka ya watu imerudishwa. Mwishoni sikumuuliza, "Unaendeleaje?" maana jibu lake ni "namshukuru Mungu" na mazungumzo yameisha. Nilimuuliza: "Lile godoro la mama umelifanyaje?"

Alijibu kesho yake, ujumbe mrefu, wote kuhusu godoro. Kaka zake walitaka wampe jirani mwenye mgonjwa. Yeye alikubali, ila kaomba wamwachie mpaka mwisho wa mwezi. Kila asubuhi bado analitoa juani, analigeuza.