Kasi Inayopotea Katika Uzi Mmoja

Huenda mzazi akaongeza malipo ya intaneti kila mwezi, kumbe kasoro imo katika waya tu.

Tutazame mfano. Nyumba imelipia megabiti 300 kwa sekunde, lakini PlayStation 4 ya watoto, iliyounganishwa kwa waya, haivuki 95. Ubavuni waya umeandikwa Cat 5e, daraja linalobeba megabiti 1,000 hadi mita 100. Basi hapana haja ya kununua Cat 6. Ndani yake mna nyuzi nane, yaani jozi nne. Kasi ya 1,000 huzihitaji zote, bali 100 hutosheka na jozi mbili. Uzi mmoja wa zile jozi mbili nyingine ukikatika, vifaa vingi hushuka hadi 100 kimyakimya.

Waya hupimwa kwa kipimio chenye taa 1 hadi 8. Taa ya 7 isipowaka upande wa pili, uzi wa saba hauunganishi, aghalabu kichwani, pale kilimi cha plagi kilipovunjika. Fundi hukikata kichwa, akafunga kipya kwa mpangilio wa rangi ulio sawa na upande wa pili, kisha hupima tena.

Nintendo Switch ya 2017 haina tundu la waya huu. Huhitaji adapta ya USB, ichomekwe kwenye kitako chake. Tuhakikishe kwanza kwamba adapta imetajwa kuwa ya Switch, maana si kila moja hutambuliwa.

Kutupa waya mzima kwa kichwa kibovu ni israfu.