Tiki ya Ahadi na Tiki ya Taslimu



Kila aliyewahi kukaa kwenye kamati ya harusi analijua daftari la michango. Lina safu mbili, ahadi na taslimu. Shangazi akisema atatoa laki moja, jina lake linaandikwa kwenye ahadi. Siku pesa inapoingia mkononi mwa mweka hazina ndipo inahamia kwenye taslimu, na hakuna anayekwenda kununua ng'ombe kwa pesa ya ahadi. Ajabu ni kwamba kwenye orodha ya kazi za harusi ileile safu hizo mbili hazipo. Kuna tiki tu, na mtu anatiki kwa sababu alipiga simu, au kwa sababu aliambiwa "usijali, hiyo imekwisha."

Niliyaona hayo Muheza nikiwa mratibu msaidizi, kazini nikiwa na miezi minne tu. Dada aliyekuwa akiisimamia harusi ile alihama, nikakabidhiwa daftari lake zikiwa zimebaki siku 26 kabla ya akidi. Lilikuwa na kazi 31, na 19 kati yake zilikwisha kutikiwa. Bosi wangu akaniambia nishughulike na zile 12 zilizobaki, nisiwasumbue watu kwa mambo yaliyokwisha.

Nilianza na hizo 12. Lakini mojawapo ilikuwa kukodi masufuria, na huwezi kukodi masufuria bila kujua yatapikiwa kiasi gani. Waalikwa walikuwa 300. Kwa pilau ya shughuli, kilo moja ya mchele hula watu saba hivi, kwa hiyo nilihitaji kilo 45, pamoja na ziada kidogo kwa wanaobeba nyumbani. Mchele ulikuwa umetikiwa, nikampigia mjomba aliyeandikwa pembeni.

"Shikamoo mjomba. Nataka kuja na bajaji kuuchukua mchele, nije lini?"

"Marahaba mwanangu. Mchele wenyewe bado uko shambani Mombo. Ukivunwa, inshaallah."

Mjomba hakudanganya. Aliahidi mchele na ahadi yake ilikuwa ya kweli, ila aliyeandika ndiye aliyeiweka ahadi kwenye safu ya taslimu. Inshaallah ni neno la imani, si risiti.

Jioni ile nilichora safu tatu mbele ya kila kazi iliyotikiwa: Imesemwa, Imelipiwa, Imeonekana. Kisha nikapiga simu 19. Swali "mmemaliza?" sikulitumia, kwa sababu kwa watu wetu jibu lake ni ndiyo tu. Huwezi kumtilia shaka mama wa watu, naye hataki kukuvunja moyo. Niliuliza kitu kilipo na lini naweza kukifuata. Ukimuuliza mtu nije lini kuchukua, hulazimiki kumwita mwongo, na yeye hulazimika kukitazama kitu chenyewe. Kati ya kazi 19, 11 zilikuwa zimekwisha kweli. Nane zilikuwa maneno.

Tatu kati ya hizo nane nawasimulia, kwa sababu zinaweza kumkuta yeyote kati yenu.

Ya kwanza ni taarifa ya ndoa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka taarifa ya kusudio la kufunga ndoa itolewe angalau siku 21 kabla. Daftari lilisema "Fomu, tiki." Ni kweli fomu ilikuwa imechukuliwa. Ilikuwa imelala kwenye mkoba wa mzee mmoja upande wa bwana harusi, haijajazwa, akisubiri mtu wa kumsomea. Tulikuwa na siku tano tu za kuchezea. Keki ikichelewa unanunua nyingine Tanga mjini, lakini siku zilizopita hazinunuliki. Nilimsomea mzee, akajaza kesho yake, na safu ya "Imeonekana" niliiandika baada ya kushuhudia fomu ikipokelewa.

Ya pili ni hina. Mchoraji alikuwa amekubali, tiki ikawekwa. Nilipomuuliza aje saa ngapi, akasema asubuhi ya akidi. Hapo bibi harusi angekaa mbele ya wageni na mikono ya rangi ya chungwa, maana hina ya asili ikitolewa huwa hivyo, kisha hukolea ndani ya siku moja hadi mbili. Nikauliza tena: ni hina au piko? Ilikuwa piko, nyeusi, ile inayochanganywa na rangi ya nywele. Rangi hiyo huweza kuunguza ngozi na kutoa malengelenge, na wengine huanza kuona madhara baada ya siku kadhaa. Tukakubaliana hina ya asili tupu, ipakwe siku mbili kabla, ikae usiku kucha. Anayeshikilia piko, ajipake tone dogo mkononi na asubiri angalau saa 48 kabla ya kuamua. Hata hivyo tone lisilodhuru leo si dhamana, kwani ngozi inaweza kuikataa rangi ileile safari nyingine.

Ya tatu ndiyo iliyoninyima usingizi. "Mahari, tiki." Upande wa bwana harusi walithibitisha kuwa wameshaipeleka, na mashahidi walikuwepo. Kwao ilikuwa taslimu kweli. Lakini mahari si ya ukoo, ni haki ya mwanamke mwenyewe, na Suratun Nisaa aya ya 4 inaamrisha wapewe wanawake wenyewe. Safu yangu ya "Imeonekana" ilikuwa na mtu mmoja tu wa kuijaza. Mimi si ndugu, kwa hiyo sikwenda kwa baba zake. Nilimwendea somo wake.

Somo akamuuliza faraghani. Binti akasema hajaiona, na ameona haya kuuliza.

Mahari ilikuwa imepokelewa na baba mdogo, akailipia ukumbi, kwa sababu michango ilichelewa na mwenye ukumbi alitaka malipo ya kwanza. Nia yake ilikuwa kuirudisha, ila hakumwambia mtu. Kwa hiyo tiki ya ukumbi ilikuwa ya kweli, na kilichoifanya iwe ya kweli ni tiki ya mahari iliyokuwa ya uongo. Ukiangalia daftari, zote mbili zilikuwa na alama moja, kwa wino mmoja.

Somo hakupiga kelele. Alizungumza na mama wa binti, mama akazungumza na shemeji yake, na michango iliyofuata kuingia ilirudisha mahari kwanza kabla ya mapambo. Siku tatu kabla ya akidi, binti aliihesabu mwenyewe mbele ya somo na mama yake. Mapambo yakapungua, maua yakawa ya bustani za jirani. Ijumaa, mahari ilipotajwa kuwa taslimu, neno lile lilikuwa na maana yake kamili.

Bosi wangu aliponiuliza kwa nini nilipiga simu zote zile, nilimwonesha safu tatu. Hakusema mengi. Harusi iliyofuata alinipa daftari jipya, safu tatu zikiwa zimeshachorwa kwa rula.

Wewe unayeolewa, huna haja ya kulibeba daftari zima. Kamati ipo, shangazi wapo. Chagua yale ambayo mkono wako ndio safu ya mwisho: fomu yako, ngozi yako, mahari yako. Hayo usikubali yatikiwe na mtu mwingine kwa niaba yako.