Kasra Niliyoivuta Muleba

Nikiwa bado mwanafunzi Bukoba, nilikwenda kusalimia jamaa Muleba, wakanitanguliza kuswalisha Magharibi. Nikasoma Al-Fatiha kwa madaha, na nilipofika "ihdinaa" nikaivuta: "ihdiinaa". Tulipomaliza, mzee mmoja akaniita pembeni: "Mwanangu, ulikuwa unamwomba mwanamke?"

Tazameni kosa lilipokuwa. Mzizi wa neno hili ni ha, dal, yaa. Herufi ya mwisho ni dhaifu, na kitenzi cha namna hiyo huitwa naqis. Katika wakati uliopita yaa inageuka alifu: hadaa, aliongoza. Ukisema "niliongoza", yaa inarudi: hadaytu. Katika mudhari inabaki, ikivutwa: yahdii, anaongoza. Ikitanguliwa na "lan" inapata fat-ha: lan yahdiya, hataongoza. Ikitanguliwa na "lam" inadondoka kabisa: lam yahdi, hakuongoza. Inayobaki ni kasra fupi juu ya ulimi, alama ya yaa iliyoondoka.

Amri inafuata njia ya "lam": ihdi, ongoza. Ongeza "naa", yaani sisi, upate ihdinaa, utuongoze. Ukiivuta hiyo kasra, yaa inayosikika si ya mzizi tena, maana ile imekwisha dondoka. Ni yaa ya mwanamke anayeamrishwa.

Mzee yule hakunigombeza. Alinisomesha mpaka Isha. Nanyi leo jisikilizeni mkisoma: ni "di" au "dii"? Wallahu aalam.