"Marekebisho Makubwa": Jinsi ya Kumjibu Mhakiki Hoja kwa Hoja

Jibu la jarida lilikuja na maneno mawili yanayotisha: marekebisho makubwa. Wahakiki walikuwa wawili, hoja kumi na saba, siku sitini za kujibu. Mimi ni mwandishi wa tatu kwenye huo mswada, yule aliyezunguka shuleni na saa ya kuhesabia sekunde, akiwasikiliza watoto wa darasa la pili wakisoma. Dokta anayetusimamia akanitumia ile barua na kusema, "Anza kuandika majibu, nitayapitia." Darasani tunafundishwa kuandika pendekezo la utafiti, kukusanya data na kuandika ripoti. Kumjibu mtu aliyeichambua kazi yako, sijawahi kukutana nako kwenye kozi yoyote. Ndiyo maana naandika haya, maana wengi wetu mwaka wa tatu tutajikuta tumeandikwa kwenye makala za walimu wetu.

Kwanza umbo. Barua ya majibu si barua ya kushukuru, ni hati ya kazi. Unainakili kila hoja ya mhakiki neno kwa neno, hata ile iliyokuuma, na kuipa namba: 1.1, 1.2, 2.1. Chini yake unaandika mmefanya nini, ukurasa na mstari, halafu unabandika sentensi mpya yenyewe. Mhariri anapaswa kuisoma barua na kuelewa kila kitu bila kufungua mswada. Jibu baya utalijua haraka: "Tumerekebisha kama mlivyoshauri." Wapi? Vipi? Jibu la namna hiyo linamlazimisha mhakiki kuutafuta mstari mwenyewe, na mhakiki anayetafuta hukuta na mengine ambayo hakuyaona mara ya kwanza.

Sasa hoja yenyewe iliyokuwa na uzito, 2.1. Utafiti wetu ulikuwa na shule nane, darasa moja kila shule, watoto 25 kila darasa. Shule nne walimu walitumia kusoma kwa jozi, mtoto mmoja anasoma na mwenzake anamfuatilia, kisha wanabadilishana. Shule nne ziliendelea kama kawaida. Mwishoni watoto wa jozi walisoma wastani wa maneno 6 zaidi kwa dakika. Mswada ulihesabu watoto 200 kama watu 200 wanaojitegemea, na kwa hesabu hiyo tofauti halisi ilikuwa kati ya neno nusu na maneno 11 na nusu. Finyu, lakini iko juu ya sifuri. Makala ikawa na habari ya kusimulia.

Mhakiki wa pili akauliza: watoto wa darasa moja wana mwalimu mmoja, vitabu vilevile, njaa ileile ya saa nne. Kwa nini mnawahesabu kama wageni wasiojuana?

Swali hilo lina hesabu yake, na si ngumu. Unachukua idadi ya watoto kwa darasa, unatoa moja, unazidisha kwa kiwango cha kufanana ndani ya darasa, halafu unajumlisha moja. Kwenye data yetu kiwango hicho kilikuwa 0.2. Yaani 24 mara 0.2 ni 4.8, ukijumlisha moja unapata 5.8. Gawanya 200 kwa 5.8: unabaki na kama 34. Kwa lugha rahisi, watoto wetu 200 walitupa taarifa ya watoto 34 tu wasiofahamiana.

Mhakiki alipendekeza modeli ya ngazi mbili, mtoto ndani ya shule. Dokta akasema shule nane ni chache mno kwa modeli hiyo, itatupa uhakika wa uongo. Tukachagua njia nyepesi: wastani mmoja kwa kila shule, namba nane tu, nne dhidi ya nne. Tofauti ilibaki maneno 6, lakini mipaka yake sasa ikatoka maneno 11 chini ya sifuri hadi 23 juu yake. Kwa ukweli wote, kusoma kwa jozi kunaweza kuwa kunasaidia sana, au hakusaidii kabisa.

Hapa ndipo barua ilipokuwa ngumu. Habari yote ya makala ilikuwa imekaa kwenye ile tofauti. Kulikuwa na njia ya mkato: kuweka uchambuzi mpya kwenye kiambatisho, kuacha wa zamani mbele, na kumwandikia mhakiki "tumeongeza uchambuzi wa ziada." Kiufundi si uongo. Nikamuuliza Dokta kama wengine hufanya hivyo. Akanijibu, "Wapo. Wewe utakuwa mwalimu. Ukiisoma makala hii ukabadilisha ratiba ya darasa lako kwa ajili yake, ungependa namba ipi iwe mbele?"

Basi jibu la 2.1 likaanza na matokeo, si na maelezo: "Tunakubaliana na mhakiki. Baada ya kuchambua kwa wastani wa shule, tofauti haitofautishiki tena na sifuri. Tumebadilisha kichwa cha makala, ikisiri na hitimisho." Kichwa kilichosema kusoma kwa jozi kunaongeza kasi kikawa utafiti mdogo wa kusoma kwa jozi katika shule nane. Tena tulieleza kwa nini hatukutumia modeli aliyoitaja. Mhakiki hudai tatizo litatuliwe, halazimishi dawa yake, ila ukibadilisha dawa lazima useme sababu.

Hoja ya 2.4 ilidai kipimo cha watoto kabla ya mradi kuanza. Hakikuwepo, na watoto wameshapanda darasa. Jibu la kujihami lingesema "hilo liko nje ya upeo wa utafiti huu." Sisi tuliandika kwamba haiwezekani tena, kwamba bila kipimo hicho hatujui kama shule za jozi zilianza mbele, na kwamba sentensi hiyo sasa iko kwenye sehemu ya mapungufu. Hoja usiyoweza kuitimiza bado ina jibu: inakuonyesha dai gani ulipunguze.

Halafu kuna kukataa. Mhakiki wa kwanza alitaka tulinganishe kasi ya watoto wetu na viwango vya maneno kwa dakika vya watoto wanaosoma Kiingereza. Hapo niliomba niandike mwenyewe. Kwenye Kiswahili "hawatanisomea" ni neno moja. Kiingereza kinahitaji maneno sita kusema jambo hilohilo. Mtoto wa darasa la pili anayelimaliza hilo moja amefanya kazi kubwa, lakini saa yangu inamhesabia moja. Tuliandika kwamba tunaelewa nia ya kumpa msomaji kipimo, tukaonyesha mfano huo, tukasema ulinganisho ungepotosha, na badala yake tukaongeza jedwali la silabi kwa dakika. Kukataa kwa heshima kuna vipande vitatu: nimekuelewa, sababu ni hii, na hiki ndicho nimefanya kukidhi hitaji lako.

Wahakiki walipogongana, mmoja akitaka mapitio ya maandiko yapunguzwe na mwingine yaongezwe, hatukujificha. Tuliyataja yote mawili kwa mhariri juu kabisa ya barua, tukaeleza tulichochagua na kumwachia uamuzi. Yeye ndiye refa.

Barua ilifika kurasa kumi na moja, karibu nusu ya urefu wa mswada. Tumeituma siku ya hamsini na nne. Jibu halijarudi, na makala iliyobaki ina madai madogo kuliko ile ya mwanzo. Wale walimu wanne waliotumia jozi wameniuliza kama ilisaidia. Nimewaambia ukweli: watoto wenu walisoma vizuri kidogo, na shule nane hazitoshi kusema kama ni kwa sababu ya jozi.