Kisigino cha kulia

Viatu vya dereva wa lori haviishi sawasawa. Cha kulia huisha kisigino kwa nyuma, kwa sababu kisigino hicho hukaa sakafuni mwa gari huku mguu ukihama kutoka mafuta kwenda breki na kurudi. Cha kushoto huisha soli mbele, pale inapokutana na klachi.

Binti mmoja wa Mbeya hakuwa akijua hilo. Alivikuta viatu vya baba yake stoo, vyeusi vya ngozi, kimoja kimefungwa kwa uzi wa kushonea magunia badala ya kamba. Mama alishasema vitupwe. Yeye akavipiga picha mlangoni penye mwanga, aiweke kwenye grupu la familia siku mzee atakapotimiza miaka 70.

Chini ya picha aliandika kwanza: "Baba, shujaa wetu, ulijitolea yote kwa ajili yetu." Akasoma, akafuta. Si kwamba ni uongo, ila maneno hayo yangemfaa baba yeyote, hata ambaye hajawahi kushika usukani. (Simu zetu zimejaa mashujaa wa namna hiyo, na hatuambiwi walifanya nini.) Akaandika tena: "Viatu vya baba vilivyochakaa." Hilo nalo picha ilishalisema.

Jioni akamuuliza: "Baba, mbona hiki cha kulia kimeisha hivi nyuma?"

Mzee huyu si mtu wa hadithi. Alikivaa, akakaa kwenye stuli, akamwonyesha kwa mguu: mafuta, breki, mafuta. Kisha wa kushoto: klachi. Akasema ukipanda Kitonga na mzigo, mguu huo haupumziki, na ukishuka unashika gia ndogo tangu juu. Anayetegemea breki peke yake huzichemsha, na zikishachemka hazishiki tena. Akamtaja mwenzake mmoja ambaye hakufika chini. Akanyamaza, akavua kiatu.

Binti aliandika usiku huohuo:

"Viatu vya baba. Kisigino cha kulia kiliishia kwenye mafuta, soli ya kushoto kwenye klachi. Dar es Salaam hadi Tunduma, miaka 26."

Habari ya yule mwenzake hakuiweka. Hiyo ilikuwa ya baba, aitoe mwenyewe akitaka. Neno "upendo" halikuwemo, wala "asante", na kaka yake mkubwa alimpigia kuuliza kama amesahau kumalizia.

Siku ya siku, mzee aliomba miwani. Alikaa na simu muda mrefu kuliko maneno yale yalivyohitaji. Majibu yake yalikuja kwenye grupu baadaye, yameandikwa kwa kidole kimoja:

"Umesahau Makambako. Tulikuwa tunalala Makambako."