Sala Yako ya Mstarini

Mwanangu mpendwa,

Huku Dongobesh mahindi yameota, na mguu wa baba yako umepona.

Nimepata habari iliyoninyima raha. Mama mmoja aliyetoka Katesh alikuja mnadani akikusifu kwamba siku ya kufungua shule ulisimama mstarini, ukafumba macho, ukamwomba Mungu awafungue akili watoto wagumu wa Darasa la Kwanza, na wewe akupe nguvu za kuwavumilia. Wenzake wakasema mwalimu huyo ni mcha Mungu. Mimi nilinyamaza.

Mwanangu, ulimshtaki mtoto kwa Mungu huku mtoto mwenyewe akisikia. Umeona wazee wetu wakitoa slufay: mmoja hunena na waliokaa huitikia, kwa hiyo msemaji huomba mambo ambayo kila aliyepo anaweza kuyaitikia kwa moyo. Hao watoto wa miaka sita wangeitikiaje sala inayowaita wagumu? Bibi yako alimwita Mungu Looaa na kumwomba kama mama, na sikumsikia hata siku moja akimsemea mtoto vibaya.

Halafu, huo ugumu ni upi? Nadhani naujua. Unasoma imla, unataja zawadi, mtoto anaandika sawadi. Unataja viatu, anaandika fiatu. Anakwambia kitabu yangu. Unarudia mara tatu, naye anarudia vilevile huku akikutazama, nawe unaona kiburi. Si kiburi. Kiiraqw chetu hakina sauti ya z wala ya v, na hakina ngeli ya ki na vi. Sikio la mtoto aliyelelewa nyumbani kwa Kiiraqw linapokea z kama s, naye anaandika kwa uaminifu kile alichosikia.

Baba yako aliandika fyombo. Mwalimu wetu, ambaye sitamtaja, alimsimamisha mbele ya darasa atamke vyombo, na kila alipotamka fyombo alichapwa, na darasa likaamriwa kucheka. Nilikuwa nimekaa dawati la pili. Kesho yake tena, na wiki iliyofuata tena. Siku moja aliaga nyumbani na daftari, akalificha kichakani, akawafuata ng'ombe, na babu yako hakumrudisha kwa sababu mchungaji alihitajika. Leo baba yako akitazama zizi anajua ndama yupi hayupo kabla hujamaliza kuhesabu, lakini barua zako anasomewa na mama yako. Kichwa hicho ndicho kilichoitwa kigumu, na wewe umezaliwa nacho.

Mimi nilifundisha Darasa la Kwanza mpaka nikastaafu. Sifa walipewa wa Darasa la Saba matokeo yalipotoka, kana kwamba watoto walifika kwao wakijua kusoma. Lakini kazi hii naijua. Anza na maneno ambayo sauti zake wanazo: mama, baba, dada, tano. Wakishaamini kwamba wanasoma, ndipo ulete z na v. Mwambie mtoto aweke kiganja kooni aseme sss, koo limetulia. Aseme zzz, koo linatetemeka. Fanya hivyo na fff na vvv. Atacheka, kisha atajua tofauti kwa mkono kabla sikio halijaipata. Na umtofautishe anayekosea kwa namna nyingine: wanaobadili z kuwa s kila mara wana lugha yao tu, lakini anayekosa hata maneno ya ubaoni huku akikunja uso, msogeze mbele na umpeleke akapimwe macho.

Watoto wa Kibarbaig wana lugha yao, usiwapime kwa Kiiraqw chetu.

Fimbo iweke ofisini. Kanuni za mwaka 2002 hazimruhusu kila mwalimu kuchapa: ni mkuu au aliyemwidhinisha kwa maandishi, viboko visizidi 4, na viandikwe kitabuni. Kosa la imla halimo.

Mvua kubwa ikinyesha na mtoto akaacha kalamu, usimkaripie. Tope la Mlima Hanang la tarehe 3 Desemba 2023 wengine walilikimbia.

Tena kuhusu sala, maana ndiyo iliyonifanya niandike. Jumatatu simama mstarini tena, uombe hivi kwa sauti: Mungu, wape watoto hawa usikivu na shibe, warudishe salama njia ya korongoni, na mimi unipe subira ya kurudia neno mara ya kumi kwa sauti ileile ya mara ya kwanza. Majina ya wanaochelewa yataje ukiwa peke yako, mmoja mmoja, kabla ya kulala. Ukikosa kukumbuka jina la mtoto, kesho yake anza naye.

Ijumaa wape imla ya maneno kumi, matano yenye z na v, kisha unipigie simu uniambie waliandikaje. Nitasubiri.

Shangazi yako